Namna ya kuandika maelezo ya umahiri, kutoka afisa mdogo hadi meneja mwandamizi

Taasisi zinapoamua kuandaa mfumo wa umahiri kwa wafanyakazi wake, kwa kawaida huanza na orodha ya majina: mawasiliano, uadilifu, kufanya uamuzi, ushirikiano. Orodha hiyo hukamilika kwa mchana mmoja. Ugumu huanza pale inapobidi kueleza kwa sentensi kwamba afisa mdogo mwenye umahiri fulani hufanya nini, na meneja mwandamizi mwenye umahiri huohuo hufanya nini kilicho tofauti. Waliowahi kujaza fomu ya OPRAS, yaani ya tathmini ya wazi ya utendaji kazi, iliyoanza kutumika katika utumishi wa umma wa Tanzania mwaka 2004, wanaikumbuka sehemu ya sifa za utendaji bora, ambamo mahusiano kazini, mawasiliano, uwajibikaji na uadilifu vilipewa namba kuanzia 1 hadi 5, na 1 ikiwa ndiyo ya juu. Sifa zilitajwa, lakini fomu yenyewe haikumwonyesha mtathmini jinsi 2 ya afisa inavyotofautiana na 2 ya mkuu wake, na kwa hiyo kila mtu alijaza kwa kadiri alivyoelewa.

Mwongozo huu unahusu sentensi hizo tu. Nitatumia umahiri mmoja, wa kufanya uamuzi, na sehemu moja ya kazi, yaani mapokezi ya samaki katika kiwanda cha minofu ya sangara kilichoko kando ya ziwa upande wa Ilemela, Mwanza. Kiwanda hicho nimekitunga kwa ajili ya mfano, ila kazi inayofanyika humo ni ileile ambayo mtu wa Mwanza anaifahamu: boti na magari huleta samaki kutoka Ukerewe, Kome na visiwa vingine wakiwa kwenye barafu, mtu anawakagua, na mzigo unapokelewa au unakataliwa.

Hatua ya kwanza: uwekee umahiri mipaka

Andika sentensi moja inayosema umahiri huo ni nini, na nyingine inayosema kilicho nje yake. Kwa mfano wetu: kufanya uamuzi ni kuchagua hatua ya kuchukua kwa kutumia ushahidi uliopo, kwa wakati, na kuweza kueleza sababu ya hatua hiyo. Namna ya kuwasilisha uamuzi mbele ya watu wengi haimo, kwa sababu inaingia kwenye mawasiliano, na ujuzi wa kutambua samaki aliyeharibika haumo pia, kwa sababu ni ujuzi wa fani unaopimwa kwa mtihani au kwa vitendo. Sentensi ya pili ndiyo inayosahaulika mara nyingi. Bila hiyo, tabia moja hujitokeza kwenye umahiri wa aina tatu, na mfanyakazi mwenye udhaifu mmoja huadhibiwa mara tatu.

Hesabu pia ukubwa wa kazi kabla hujaenda mbali. Ukiwa na aina 6 za umahiri, ngazi 5, na sentensi 3 kwa kila ngazi, una sentensi 90 za kuandika, kujaribu na kutunza. Ukipandisha hadi aina 12 na sentensi 5, zinakuwa 300, na sijui msimamizi wa zamu atakayezisoma zote. Binafsi sivuki aina 8.

Hatua ya pili: kusanya matukio kabla ya kuandika

Sentensi nzuri haziokotwi mezani. Zinatokana na matukio yaliyotokea kazini, na mbinu ya kuyakusanya ni ya siku nyingi: mwanasaikolojia wa Marekani, John Flanagan, aliieleza mwaka 1954 baada ya kazi aliyoifanya na jeshi la anga la nchi yake wakati wa Vita Kuu ya Pili. Unamuuliza mtu anayeifahamu kazi akueleze tukio mahususi ambalo mtu alifanya vizuri au vibaya kiasi cha kubadilisha matokeo. Unauliza hali ilikuwaje, mtu huyo alifanya nini hasa, na nini kilifuata.

Kosa la hapa ni kuuliza maoni. Ukimuuliza msimamizi, “Mama, afisa mzuri anakuwaje?”, atakujibu kwamba anakuwa mchapakazi, mwaminifu na anayejituma, na hutakuwa umepata chochote cha kuandika. Ukimuuliza, “Mama, siku ya mwisho boti ilipofika barafu imekwisha, aliyekuwa mapokezi alifanya nini kwanza?”, utapata maneno ya kazi yenyewe. Ongeza swali moja ambalo kwa kazi ya kutenganisha ngazi lina thamani kuliko yote: “Angekuwa ni mgeni aliyeajiriwa mwaka huu, angeishia wapi, na angekuita saa ngapi?” Jibu la swali hilo linakuonyesha mpaka kati ya ngazi mbili.

Matukio 6 hadi 10 kwa kila ngazi yanatosha kwa taasisi ya wastani, mradi yasitoke kwa mtu mmoja na yasiwe yote ya kusifu. Kwa ngazi ya meneja mwandamizi huwa vigumu kupata hata sita, kwa kuwa watu wenyewe ni wachache. Huko waulize pia walio chini yao na wajumbe wa bodi.

Hatua ya tatu: amua ngazi zinatofautiana kwa nini

Hapa ndipo mifumo mingi huharibika. Mwandishi aliyechoka huandika kwamba afisa mdogo “hufanya uamuzi”, afisa “hufanya uamuzi mzuri”, afisa mwandamizi “hufanya uamuzi mzuri sana”, na meneja “hufanya uamuzi wa kiwango cha juu”. Ngazi hapo zimetenganishwa kwa sifa zinazopambwa, ilhali afisa mdogo naye anatakiwa afanye vizuri sana kazi iliyo ya ngazi yake. Kinachopanda ni aina ya jambo linaloamuliwa, na ubora hudaiwa kwa kila mtu.

Kwa kufanya uamuzi, mimi hutumia vipimo vitatu. Cha kwanza ni kiasi ambacho utaratibu ulioandikwa unamsaidia mtu: chini kabisa utaratibu unatoa jibu, juu kabisa haupo. Cha pili ni eneo linaloguswa: kreti moja, mzigo mmoja, zamu nzima, idara kadhaa, kampuni yote. Cha tatu ni muda unaopita kabla ya kujua kama uamuzi ulikuwa sahihi, ambao kwa afisa mdogo ni saa chache na kwa meneja mwandamizi ni mwaka au zaidi. Umahiri mwingine utakuwa na vipimo vyake. Mawasiliano, kwa mfano, hupandishwa zaidi na aina ya wasikilizaji na ugumu wa habari inayopelekwa. Viandike vipimo hivyo pembeni kabla ya sentensi ya kwanza, kwa sababu ndivyo utakavyovirudia kila unapobishana na wenzako kama sentensi fulani ni ya ngazi ya tatu au ya nne.

Hatua ya nne: andika sentensi

Kila sentensi iseme mtu hufanya nini, kwenye hali gani, na kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kuiona au kuikuta kwenye kumbukumbu. Kiambishi hu- kinafaa sana hapa, kwa kuwa hutaja mazoea, na mtathmini anaulizwa mazoea ya mtu, wala si jambo alilolifanya siku moja alipojua anatazamwa. Shida yake ni kwamba hakikanushiki, kwa hiyo tabia zinazoonyesha udhaifu ziandikwe nazo kwa umbo la kukubali: badala ya “hasubiri ushahidi”, andika “hubadilisha uamuzi bila ushahidi mpya”. Inasomeka vizuri zaidi hata hivyo.

Sasa tuchukue tukio moja tulipandishe ngazi zote. Boti kutoka Ukerewe imechelewa kwa sababu ya upepo, imefika saa sita mchana, na barafu kwenye makreti kadhaa imeyeyuka. Samaki wabichi hutakiwa kukaa karibu na joto la barafu inayoyeyuka, na tuseme kikomo kilichoandikwa na kiwanda ni nyuzi 4. Wakala anasema samaki ni wazima na anataka kulipwa.

*Afisa mdogo.* Hupima joto na kukagua matamvua, macho na harufu kwa mpangilio ulioandikwa, kisha hupokea au kukataa kreti ambalo hali yake imetajwa wazi kwenye utaratibu. Anapokuta hali ambayo utaratibu haukuitaja, huliweka kreti pembeni kwenye barafu na kumweleza msimamizi alichokiona kabla ya kuendelea. Huandika kipimo halisi na sababu ya kukataa kabla boti haijaondoka. Tabia ya udhaifu: hujaza joto la kukadiria, au hupitisha kreti kwa kuwa wakala ni mtu wa siku nyingi.

Angalia kwamba kumwita msimamizi kumeandikwa kama umahiri. Waandishi wengi huona aibu kuliandika, wakidhani linamshusha mtu, kumbe kwa ngazi hii kujua mahali pa kusimama ndiyo nusu ya uamuzi.

*Afisa.* Vipimo vinapopingana, kwa mfano joto liko chini ya kikomo lakini harufu inatia shaka, huongeza idadi ya samaki wanaokaguliwa na kufikia uamuzi kuhusu mzigo mzima bila kumngoja msimamizi. Humwonyesha wakala ushahidi wa kukataliwa kwa kreti na hubaki na uamuzi wake hadi uletwe ushahidi mwingine. Tabia ya udhaifu: hupeleka kwa msimamizi mambo yaliyo ndani ya mamlaka yake, hasa yale yenye mabishano.

*Afisa mwandamizi.* Boti zaidi ya moja zinapofika kwa pamoja, hupanga ipi ishushwe kwanza kwa kulinganisha hali ya barafu, ukubwa wa mzigo na uwezo wa zamu iliyopo. Hulinganisha kumbukumbu za mapokezi za wiki kadhaa, hutaja chanzo cha mizigo inayokataliwa mara kwa mara, na kupendekeza badiliko la utaratibu. Hupitia pamoja na maafisa uamuzi wao uliokuwa mgumu na kuwauliza sababu kabla ya kutoa maoni yake. Tabia ya udhaifu: hutatua tatizo lilelile kila wiki bila kuuliza linatoka wapi.

*Meneja.* Idara zinapovutana, uzalishaji ukitaka kukamilisha oda na ubora ukitaka mzigo urudishwe, hueleza kila upande unagharimu nini na kuamua kabla ya samaki kuharibika zaidi. Huweka kwa maandishi nani anaruhusiwa kuamua nini, na huheshimu mipaka hiyo hata asipoupenda uamuzi wa aliye chini yake. Habari mpya inapouonyesha uamuzi wake kuwa na kasoro, huubadilisha na kuwajulisha walioathirika. Tabia ya udhaifu: hurudi mapokezi kukagua makreti mwenyewe kila kunapokuwa na presha.

*Meneja mwandamizi.* Huamua mambo ambayo taarifa zake hazitakamilika kabla ya muda kwisha, kama vile kununua mtambo wa barafu wa kuweka kisiwani au kubadilisha mkataba na mawakala, na hutaja kwa maandishi dhana alizozitegemea na dalili zitakazomfanya aubadilishe uamuzi. Huieleza bodi hasara inayowezekana kwa uzito uleule anaoutumia kueleza faida. Tabia ya udhaifu: huahirisha uamuzi kwa kuomba ripoti nyingine ambayo haitabadilisha chochote.

Katika ngazi zote tano boti ni ileile, lakini afisa mwandamizi anaiona kama sehemu ya mfululizo wa wiki kadhaa, meneja anaiona kama mvutano wa idara, na meneja mwandamizi anajiuliza kwa nini barafu ihifadhiwe Mwanza wakati samaki wanavuliwa Ukerewe. Ukishindwa kulipandisha tukio moja hivi, vipimo vyako vya hatua ya tatu havijakaa sawa.

Mruko mkubwa kuliko yote ni wa kutoka afisa mwandamizi kwenda meneja, na unastahili muda zaidi wa kuandika. Mpaka hapo mtu amesifiwa kwa kuamua mwenyewe. Kuanzia hapo anapimwa kwa uamuzi unaofanywa na wengine ndani ya mipaka aliyoiweka. Ndiyo sababu tabia ya kurudi kukagua makreti, ambayo kwa afisa ingekuwa bidii, kwa meneja imewekwa upande wa udhaifu. Kama taasisi yako ina wataalamu ambao hawatakuwa mameneja kamwe, mkaguzi wa maabara kwa mfano, usiwalazimishe kupita kwenye sentensi za meneja ili wapande. Waandikie tawi lao ambalo kipimo cha eneo linaloguswa kinapanda kupitia ushauri wao kukubaliwa na kutumiwa, huku hawana watu wa kuwasimamia.

Maneno ya kuchunguza unapopitia rasimu

Neno linalonisumbua zaidi kwenye rasimu za Kiswahili ni “kuhakikisha”. “Huhakikisha ubora unazingatiwa” inaweza kumhusu mpokeaji wa makreti, meneja, na mwenyekiti wa bodi, bila yeyote kati yao kujua anatakiwa afanye nini Jumatatu asubuhi. Kila unapoliona, uliza: anahakikisha kwa kufanya nini? Jibu ndilo sentensi unayoitafuta. “Kushiriki”, “kusaidia” na “kuzingatia” yana kasoro hiyohiyo kwa kiwango kidogo.

Kasoro nyingine ni kuunganisha tabia mbili ambazo mtu anaweza kuwa na moja akakosa nyingine. “Husikiliza maoni ya wenzake na kuchukua hatua haraka” humkwamisha mtathmini wa mtu anayesikiliza sana na kuchelewa. Zitenganishe. Hatua zinazofuatana ndani ya tendo moja, kama kupima kisha kuandika, zinaweza kubaki pamoja.

Tatu, angalia kama sentensi za juu zimegeuka kuwa majukumu. “Huandaa bajeti ya idara” ni kazi iliyo kwenye maelezo ya ajira, na meneja mbovu naye huiandaa. Ondoa pia miaka ya uzoefu na vyeti. Hivyo ni masharti ya kuingia kwenye ngazi, na mahali pake ni tangazo la kazi.

Hatua ya tano: jaribu kwa kadi

Mwaka 1963 Patricia Smith na Lorne Kendall walichapisha njia ya kutengeneza mizani ya tathmini ambayo ndani yake matukio hupelekwa kwa kundi jingine la watu lisilojua yalikusudiwa kuwekwa wapi, nalo huyapanga upya. Njia hiyo inafanyika kirahisi kwa kadi za karatasi. Andika kila sentensi kwenye kadi yake bila jina la ngazi, zichanganye, na uwape watu kumi wanaoijua kazi ambao hawakushiriki kuandika. Kila mmoja, akiwa peke yake, aziweke kwenye mafungu matano.

Kiwango changu ni watu saba kati ya kumi kuiweka kadi kwenye fungu lilelile ulilolikusudia. Tuseme kadi ya “Hubaini chanzo cha matatizo yanayojirudia” imewekwa na watano kwa afisa, wanne kwa afisa mwandamizi na mmoja kwa meneja. Usibishane nao, na usiamue kwa kura. Soma kadi upya: haisemi matatizo ya muda gani wala yameonekana wapi, kwa hiyo kila mmoja alijaza pengo kwa kichwa chake. Ukiongeza “hulinganisha kumbukumbu za mapokezi za wiki kadhaa”, kipimo cha muda kinaonekana na kadi inapata fungu lake. Kadi inayogawanyika baada ya kuandikwa upya mara mbili itupwe.

Kuna jambo moja ambalo kadi hazitakuonyesha. Watu wanaweza kukubaliana kabisa kwamba sentensi ni ya meneja, ilhali hakuna meneja yeyote kiwandani anayepata nafasi ya kuifanya, kwa sababu uamuzi huo hufanywa na mwenye kampuni. Ndiyo maana, baada ya kadi, kila sentensi ipelekwe kwa mtu mmoja aliyeko kwenye ngazi hiyo, aeleze mara ya mwisho aliyoifanya. Asipokuwa na mfano, uliza kwanza kama alikuwa na mamlaka.

Wakati wa kutumia

Mtathmini aandike tukio na tarehe pembeni ya kila sentensi anayoitia alama, na alama isiyo na tukio isipokelewe. Ngazi zinajumlishana: meneja anatarajiwa awe na tabia za walio chini yake, lakini hapimwi tena kwa hizo isipokuwa zimekuwa tatizo. Malengo ya mwaka, kama tani zilizopokelewa, yabaki kwenye fomu nyingine, kwa sababu msimu wa samaki wachache utashusha tani za mtu aliyeamua vizuri kila siku.

Fomu iwe pia na nafasi ya “haikuonekana”, iliyo tofauti na alama ya chini. Afisa aliyekaa mwaka mzima kwenye zamu ambayo haikupata mzigo wenye utata hajashindwa kuamua. Hajapata la kuamua. Nafasi hiyo ikijazwa kwa watu wengi kwenye sentensi moja, tatizo liko kwenye mgawanyo wa zamu au kwenye sentensi yenyewe, na kinachofuata ni kuyachunguza hayo mawili kabla ya duru nyingine ya tathmini.